Yai Limewekwa Wapi? Kusoma Picha za Mayai ya Chura na Viluwiluwi katika Mabwawa ya Dar es Salaam

*Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya wapiga picha wa mazingira na walimu wa sayansi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.*

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazee na vijana mliokuja na simu zilizojaa picha za madimbwi, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuniita.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja: mtu akipiga picha ya mayai ya chura au ya viluwiluwi katika bwawa la jirani, picha hiyo inatuambia nini kuhusu vyura wanaozaliana eneo hilo? Jibu langu nitaliweka mbele mapema ili msilisubiri. Kabla hujalitazama yai lenyewe, tazama limewekwa wapi. Liko ndani ya maji au juu ya maji? Limefungwa kwenye jani, limening'inia kwenye tawi, limejizungusha kwenye majani ya chini, au linaelea peke yake? Mahali yai lilipo ndipo pana habari nyingi zaidi, nasi kwa bahati mbaya ndipo tunapopakata tunapoipunguza picha ili yai lionekane kubwa.

Nawauliza, kwa nini tuhangaike na mayai wakati chura mwenyewe tunaweza kumpiga picha? Kwa sababu chura mzima ana miguu. Usiku wa mvua anaweza kuvuka barabara, kuingia uani kwako, kukaa chini ya ndoo mpaka asubuhi, kisha akaondoka bila kutaga. Picha yake inathibitisha kwamba alipita. Yai halina miguu. Yai lililonata kwenye jani la bwawa la Goba lilitagwa katika bwawa la Goba, na mama yake alikuwa hapo usiku huo, na dume vilevile. Picha ya chura inatupa mkazi au mpita njia. Picha ya yai inatupa uzazi.

Sasa niwape mfano mmoja niufuate taratibu, kwa maana ndani yake mambo mengi yamo.

Mwenzetu mmoja ana shimo la zamani la kuchimbia mchanga karibu na nyumba yake, upande wa Goba. Wakati wa kiangazi shimo hilo ni vumbi tupu na watoto huchezea mpira. Masika yakianza hujaa maji, na mwarobaini mmoja ulioota ukingoni umelalia maji hayo. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku wa tarehe 6 Aprili. Asubuhi ya tarehe 7 alipiga picha ya madonge matatu meupe yaliyoshika matawi ya mwarobaini, kila donge likiwa kubwa kushinda ngumi ya mtu mzima. Majirani walisema ni uchafu wa sabuni uliopeperushwa na upepo. Mwingine akasema ni wadudu.

Je, ni nini? Mlio na jiko nyumbani mnajua ute wa yai unavyokuwa ukipigwa sana kwa uma: unasimama wenyewe, mweupe, wenye mapovu madogo madogo. Ndivyo donge lile lilivyokuwa, na hicho ni kiota cha povu cha chura wa miti wa kijivu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Chiromantis xerampelina. Jike hupanda tawini akiwa na dume mgongoni, na mara nyingi madume wengine hujikusanya ubavuni. Hutoa majimaji mwilini na kuyakoroga kwa miguu ya nyuma mpaka yawe povu, na humo ndimo anamotaga mamia ya mayai. Akiishiwa na maji katikati ya kazi, huteremka bwawani, huloweka mwili mpaka apate maji ya kutosha, kisha hupanda tena kuendelea. Mayai yake hayana rangi nyeusi, kwa kuwa yamejificha ndani ya povu na jua haliyafikii. Mayai ya vyura wengi wanaotaga wazi juani huwa na upande mweusi au wa kahawia. Basi hata rangi ya yai inaanza kueleweka pale tu unapojua liliwekwa wapi.

Hoja ya majirani tusiidharau, kwa maana povu kwenye mti linaweza kweli kuwa la wadudu. Wapo wadudu wanaofyonza utomvu wa miti ambao watoto wao hujifunika povu, na povu hilo hudondosha maji mchana kutwa, hata mtu akipita chini hulowa. Utatofautishaje? La wadudu ni majimaji, lina mapovu makubwa, na ukilitazama kwa makini utaona viumbe wadogo wamepangana kwenye kijiti. La chura hukauka nje ndani ya siku moja, likawa na ganda la rangi ya maziwa yaliyochacha kidogo, na ndani likabaki na unyevu. Tena la chura liko juu ya maji, au juu ya mahali ambapo mama alitarajia maji. Ndiyo maana nasema, picha ya povu isiyoonyesha kilicho chini yake imepoteza nusu ya ushahidi.

Tuendelee na shimo letu. Tarehe 12 Aprili mwenzetu alipiga picha mbili. Ya kwanza ni ya yale madonge: ganda limegeuka rangi, na sehemu ya chini imelainika, inaning'inia, na ndani ya matone yake vinaonekana vitu vidogo vyenye mikia. Mayai ya chura huyu huanguliwa ndani ya povu, na baada ya takribani siku tano tangu kutagwa, upande wa chini wa kiota huyeyuka na viluwiluwi hudondoka majini. Hesabu basi: kama wanadondoka tarehe 12, kiota kilijengwa usiku wa kuamkia tarehe 7 au karibu na hapo, na mvua ilinyesha usiku huohuo. Tarehe ya simu na hali ya povu vinakubaliana. Povu jeupe linalong'aa ni la usiku uliopita. Povu lenye ganda ni la siku chache. Povu lililoyeyuka chini limefikia siku yake.

Picha ya pili ya siku hiyohiyo ilionyesha viluwiluwi vingi vyeusi, vya urefu wa sentimita moja hivi, vimejaa kwenye kina kifupi cha ukingo ambako maji yana joto. Mwenzetu aliandika chini yake: watoto wa povu wameshafika majini. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo. Je, inawezekana?

Haiwezekani. Watoto wa povu ndiyo kwanza walikuwa wanadondoka, tena wangali wadogo na rangi yao imepauka. Wale weusi walikuwa wamekwisha kuogelea na kula kwa siku kadhaa. Kwa hiyo walitoka kwenye mayai mengine, yaliyotagwa ndani ya maji usiku uleule wa mvua au uliofuata. Tulirudi kwenye picha za tarehe 7, tukakuza pembe moja ambayo hakuna aliyekuwa ameijali, na humo tukaona nyuzi ndefu za ute unaong'aa, zenye punje nyeusi zilizopangana, zimejizungusha kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Uzi wa namna hiyo ni wa chura wa nchi kavu mwenye ngozi ya vinundu, yule anayekaa chini ya taa za baraza akila wadudu. Hutaga nyuzi mbili kwa pamoja, moja kutoka kila upande wa tumbo, na jike mmoja mkubwa huweza kutaga zaidi ya mayai 10,000. Huanguliwa kwa siku mbili au tatu katika maji ya joto letu. Viluwiluwi vyake ni vidogo, vyeusi, na hupenda kukaa kwa makundi.

Mnaona jinsi picha mbili zilivyosahihishana? Povu lilitupa saa. Saa ile ndiyo iliyokataa kwamba viluwiluwi weusi ni watoto wa povu. Na kuwakataa huko ndiko kulikotupeleka kwenye nyuzi. Shimo moja, usiku mmoja wa mvua, na tayari tuna vyura wa aina mbili wanaozaliana, bila kumwona hata mmoja wao.

Lakini hapa pia pana ukuta. Ni chura yupi wa vinundu? Katika pwani yetu wapo wa aina zaidi ya moja, na wawili wanaokutwa sana ni Sclerophrys gutturalis na Sclerophrys pusilla. Nyuzi zao hufanana na viluwiluwi vyao hufanana. Mtu akikuambia amewatofautisha kwa picha ya simu iliyopigwa kutoka ukingoni, mwombe akueleze ametumia alama gani. Picha ya nyuzi itufikishe kwenye jenasi, tuandike Sclerophrys, tuishie hapo. Ukitaka kusonga mbele, rudi usiku ukampige picha mtu mzima, na picha ziwe mbili: ya utosi na ya nyuma ya mapaja. Gutturalis ana mabaka meusi juu ya kichwa yanayoacha msalaba wa rangi nyepesi katikati, na nyuma ya mapaja ana wekundu. Pusilla hana msalaba huo wala wekundu huo. Hapo picha ya chura mzima inapata kazi yake halisi, ambayo ni kukamilisha jina la uzazi uliokwisha kuthibitishwa na mayai.

Ndugu zangu, naomba sasa niwasimulie kuhusu shahidi wa uongo, kwa kuwa kila msimu anatudanganya.

Mama mmoja wa Kigamboni alituma picha nzuri sana. Chura mdogo, wa kahawia, mwenye mikanda mipana ya rangi ya fedha mgongoni, amekaa juu ya kiota cha povu na kichwa kimezama ndani. Maelezo yake yalisema: mama akilinda mayai yake. Picha ilisifiwa na wengi. Nami naisifu, lakini kwa sababu tofauti. Yule hakuwa mama. Alikuwa chura wa matete anayeitwa Afrixalus fornasini, na alikuwa mezani. Watafiti waliofanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki wameandika kwamba chura huyu hula mayai ya vyura wengine, yakiwemo yale yaliyomo ndani ya viota vya povu.

Ungewezaje kujua kutokana na picha tu? Kwanza ukubwa: jike anayejenga kiota cha povu hufikia sentimita nane na zaidi, na huyu wa mikanda ya fedha ni kama sentimita nne, hivyo kiota kile kilikuwa kikubwa mno kwake. Pili, macho. Mboni ya Chiromantis hulala, mboni ya Afrixalus husimama. Picha ikiwa kali, jicho moja linatosha kumaliza ubishi. Na uzazi wa huyu mla mayai unatafutwa wapi? Kwenye jani. Yeye huchagua jani la nyasi au tete lililo juu ya maji, hutaga ndani yake, kisha hulikunja na kulibandika kingo kwa ute, mayai yakabaki yamefungwa ndani. Ukiona jani lililokunjwa kwa urefu, likiwa juu ya bwawa na kingo zake zimenata, usilifungue. Lipige picha mwanga ukitokea nyuma yake, na mayai yataonekana kama vivuli vya mviringo.

Kwa majani ambayo hayakukunjwa, ambayo juu yake pamebandikwa kibonge cha ute chenye mayai ya rangi ya kupauka, fikiria vyura wengine wa matete, wa jenasi ya Hyperolius. Hyperolius mitchelli na Hyperolius tuberilinguis hutaga juu ya maji namna hiyo, na watoto wao hudondoka wakianguliwa. Hyperolius argus, ambaye pia ni wa pwani, huyabandika mayai kwenye mimea iliyo ndani ya maji. Ndani ya jenasi moja, juu ya maji na chini ya maji. Ndiyo sababu nasisitiza, na nitasisitiza tena: picha ionyeshe usawa wa maji. Picha ya jani lenye mayai isiyoonyesha maji yako wapi haiwezi kuwatenganisha hata hawa.

Kuna jambo dogo la kutaja kwa haraka hapa. Konokono wa maji nao hutaga. Wapo wanaoacha vibonge vya ute kwenye mimea iliyo majini, na wapo wanaobandika mayai meupe magumu ya chokaa juu ya usawa wa maji. Yai la chura halina ganda gumu hata siku moja. Na ndani ya ute wa konokono, baada ya siku chache, utaona vigamba vidogo vilivyojiviringa. Ndani ya ute wa chura utaona kitu kirefu chenye mkia.

Turudi Goba kwa mara ya mwisho, kwa sababu tarehe 30 Aprili mwenzetu alituletea picha iliyowagonganisha wengi. Wale viluwiluwi weusi walikuwa wameanza kuchomoza miguu ya nyuma, na hilo lilitarajiwa. Jipya lilikuwa katikati ya bwawa, mbali na ukingo: viumbe wanaopenyeka kwa mwanga, vichwa bapa, wamesimama ndani ya maji bila kugusa chini wala juu, na ncha za mikia yao zimetoka na ukungu pichani ilhali miili imetulia kabisa. Wengine walisema ni samaki. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwapo siku tulipoitazama picha hiyo, alisema kwa uhakika: hao ni watoto wa kambare, si mnaona sharubu?

Sharubu zilikuwapo kweli. Lakini hesabuni. Kambare ana jozi nne za sharubu, na hawa walikuwa na jozi moja tu, ndefu, moja kila upande wa mdomo. Mwili wa kambare mchanga hauonyeshi matumbo kwa mwanga namna ile. Na kambare mchanga hukaa chini, hasimami katikati ya maji kichwa kikiwa kimeinama na ncha ya mkia ikitikisika mfululizo. Ukungu ule pichani haukuwa kosa la kamera. Ulikuwa alama ya utambuzi. Hawa ni viluwiluwi vya chura mwenye kucha, na kwa pwani yetu ni Xenopus muelleri. Hawana meno ya kukwangua mwani kwenye mawe kama viluwiluwi wengine, bali hunywa maji na kuchuja chembe ndogo za mwani zilizomo. Ndiyo sababu wanaweza kukaa katikati ya maji.

Hata hivyo naomba msikimbilie jina hilo kila mnapoona kiluwiluwi anayepenyeka kwa mwanga na kuelea. Yuko mwingine anayefanya hivyo, naye anakutwa katika madimbwi ya mvua: Phrynomantis bifasciatus, yule chura mweusi anayeng'aa mwenye mistari miwili myekundu mgongoni, ambaye watu humwogopa kwa sababu ya sumu ya ngozi yake. Kiluwiluwi wake naye huchuja, naye huelea kwa makundi, naye hutikisa ncha ya mkia. Ila hana sharubu. Swali la kujiuliza ni moja: sharubu zipo au hazipo? Na kuna mtego ndani ya swali hilo, kwa maana Xenopus aliyeanguliwa siku chache tu zilizopita bado hajaota sharubu zake. Basi sharubu zikiwapo, andika Xenopus. Zisipokuwapo na kiluwiluwi ni mdogo sana, andika kwamba haijulikani, kisha upige picha tena baada ya wiki moja. Zisipokuwapo na kiluwiluwi amekwisha kuota miguu ya nyuma, hapo unaweza kumfikiria Phrynomantis kwa ujasiri.

Mayai ya Xenopus je? Picha za mwezi mzima za shimo lile hazikuyaonyesha, na haishangazi. Huyataga moja moja, madogo, yamenata huku na huko kwenye mimea chini ya maji. Kwa chura huyu kiluwiluwi ndiye ushahidi tutakaoupata, na yai tutalikosa karibu kila mara. Kwa chura wa povu ni kinyume: kiota huonekana kutoka barabarani, na kiluwiluwi wake akishadondoka huwa wa kahawia, wa kawaida, amepotea kati ya wengine.

Naona walimu wanaandika. Basi niseme jinsi ya kuipata picha ya kiluwiluwi inayosomeka, kwa sababu picha iliyopigwa kutoka juu, jua likiwaka, huleta mawingu na sura ya mpiga picha kuliko kiluwiluwi. Tia kivuli kwa mwavuli. Ukiweza, mchote kiluwiluwi mmoja kwa kikombe, umweke kwenye glasi safi yenye maji ya bwawa hilohilo, si ya bomba. Piga picha tatu: ubavuni, juu, na chini kupitia kitako cha glasi. Ya ubavuni inaonyesha mkia na mapezi yake, ya juu inaonyesha kama macho yapo pembeni au juu ya kichwa, na ya chini inaonyesha mdomo, ambao ndio wataalamu wanautaka kuliko kitu kingine. Weka rula au njiti ya kiberiti kando ya glasi. Mrudishe hapohapo ulipomtoa, na usimwage maji ya bwawa moja katika bwawa jingine, kwa kuwa kuna kuvu wanaoua vyura ambao husafiri katika maji na matope.

Sasa niseme juu ya neno "karibu". Tunasema picha inaonyesha vyura wanaozaliana karibu. Karibu na wapi?

Baada ya mafuriko ya bonde la Msimbazi, kijana mmoja alipiga picha ya viluwiluwi vikubwa kwenye dimbwi lililobaki kando ya njia, mahali ambapo wiki iliyotangulia palikuwa pakavu. Aliandika kwamba vyura wamezaliana hapo. Kwa bwawa lililotulia ningekubali mara moja. Kwa dimbwi lililoachwa na mto, siwezi. Mto ule unashuka kutoka vilima vya Pugu, na mafuriko hubeba kila kinachoelea. Viluwiluwi vikubwa katika dimbwi la siku chache vimekuwa vikubwa mahali pengine. Mvua ya wiki moja haitoi miguu ya nyuma. Vinatuambia kwamba mahali fulani juu ya mto pana uzazi, na hilo ni jambo la maana, lakini si uzazi wa dimbwi lile. Angepata nyuzi zilizojizungusha kwenye nyasi za dimbwi, au kiota cha povu juu yake, ningeondoa pingamizi langu papo hapo. Yai lililonata halikuletwa na maji ya mto. Ila tukumbuke kwamba mmea wenye yai unaweza kuletwa na binadamu, na mimea ya majini inayouzwa kwenye bustani za kando ya barabara husafiri na vingi vilivyonata.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni lile ambalo bwawa halitatuambia kamwe.

Mwalimu mmoja alinionyesha orodha aliyoitengeneza na wanafunzi wake kwa picha za mabwawa ya upande wa Kisarawe, kando ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ilikuwa orodha safi. Akaniuliza, je, hawa ndio vyura wa msitu ule? Nikamwambia: hao ni vyura wa mabwawa yaliyo kando ya msitu ule. Chura ambaye huenda unamkanyaga kila hatua ndani ya msitu, Arthroleptis stenodactylus, hayumo na hataingia kamwe, hata ukipiga picha kila bwawa. Yeye hutaga ardhini penye unyevu, chini ya majani yaliyooza, na ndani ya yai hatua yote ya kiluwiluwi hupita. Anayetoka ni chura mdogo kamili. Hana kiluwiluwi wa kupigwa picha. Yuko pia Hemisus marmoratus, anayetaga ndani ya chumba alichochimba ardhini karibu na maji. Viluwiluwi vyake hufika bwawani baadaye, lakini mayai yake hutayaona bila jembe, na jembe sitaki mlibebe.

Na yuko mmoja ambaye wengi wenu mnaweza kumpata wiki hii, kama mtaacha mabwawa na kutazama takataka. Katika misitu ya pwani, bara na Unguja, kuna chura mdogo wa vinundu, Mertensophryne micranotis, asiyetaga bwawani. Hutaga katika maji kidogo yaliyokaa kwenye tundu la mti, kwenye gamba la konokono, na ndiyo, kwenye kifuu cha nazi kilichotupwa na mvua ikakijaza. Kiluwiluwi wake ana pete ya ngozi iliyoinuka kichwani, inayozunguka macho na pua, na pete hiyo huonekana ukimtazama kutoka juu. Viluwiluwi vya mbu navyo hupenda vifuu hivyohivyo, lakini hivyo havina kichwa cha mviringo chenye macho juu wala mkia wenye pezi, na hujikunja kwa kuruka ruka vinapopanda.

Basi ukipita kwenye kingo za msitu wakati wa masika na ukaona kifuu chenye maji, inama. Usikipindue. Kiwekee kivuli kwa mkono, washa taa ya simu kutoka ubavuni, piga picha ya juu uone kama ile pete ipo, kisha piga ya pili kutoka mbali kidogo inayoonyesha kifuu kilivyolala na miti iliyokizunguka. Katika maelezo andika "kifuu", usiandike "dimbwi", kwa kuwa neno hilo moja ndilo atakalolitafuta mtu anayejua nani hutaga humo.

Naona mwalimu wa kule nyuma amekwisha kuinua mkono. Karibu, mwalimu, uliza.